Baba hana cheti cha kuzaliwa, na mfuko wa pensheni una mwaka mwingine

"Baba amestaafu kutoka kiwanda kimoja huku Eneo la Viwanda. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 01.01.1964, lakini mfuko wa pensheni wa kazini umeandika 1967 na sasa wanataka cheti cha kuzaliwa. Hana. Alizaliwa nyumbani, Mwingi, na wazazi wake walishafariki. Kitu pekee cha zamani alicho nacho ni kadi ya ubatizo inayosema 20 Novemba 1964. Kuna jamaa mjini anasema kwa elfu tano atamtolea cheti pamoja na afidaviti siku hiyo hiyo. Tumpe?"

Usimpe hata shilingi moja. Cheti cha kuzaliwa ni nakala ya kile kilichoandikwa ndani ya rejista ya serikali, na kila cheti kina nambari inayorudi kwenye rejista hiyo. Mfuko ukiwa na shaka, huandikia ofisi ya usajili kuuliza kama ingizo lipo. Likikosekana, au likiwa la mtoto wa mtu mwingine, baba yako aliyekuwa na shida ya kweli ya karatasi atageuka kuwa mtu aliyewasilisha hati ya kughushi. Na afidaviti iliyopigwa muhuri bila yeye kuwepo ni karatasi tupu. Kiapo huliwa mbele ya kamishna wa viapo, ana kwa ana, na hilo halina njia ya mkato.

Sasa nikutulize kidogo, dada yangu, kwa sababu faili ya baba yako ina nguvu kuliko mnavyodhani.

Kwanza, kukosa cheti si kosa lake wala la babu na nyanya yako. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilikuwepo tangu enzi ya ukoloni, lakini kwa Waafrika usajili wa lazima ulianza mwaka 1963 katika Nairobi na Nyeri peke yake, kisha ukaenezwa wilaya baada ya wilaya hadi kufika nchi nzima mwaka 1971. Mtoto aliyezaliwa nyumbani Mwingi mwaka 1964 hakuwa na mtu wa kumwandika. Wastaafu wa umri huo waliozaliwa mashambani wengi wako hivyo hivyo, na maafisa wa pensheni wanalijua jambo hili vizuri. Kwa hiyo mtakapokwenda kwao, msiende kwa kujitetea.

Jambo la pili ni kuelewa wanachokitaka hasa. Nchini Kenya umri wa mstaafu kwa kawaida huthibitishwa kwa kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa huombwa pale tarehe mbili zinapogongana. Kwa kitambulisho, baba yako alifikisha miaka 60 mwaka 2024. Kwa rekodi ya mfuko atafikisha mwaka 2027. Wadhamini wa mfuko, wanaousimamia kwa niaba ya wanachama, wanaogopa kumlipa kama aliyefika umri wa kustaafu mtu ambaye vitabu vyao vinasema bado hajaufikia. Tofauti hiyo ina uzito, maana inaweza kugusa hesabu ya malipo yake na hata kodi: tangu tarehe 27 Desemba 2024, pensheni inayolipwa mtu aliyefikia umri wa kustaafu wa mfuko wake haikatwi kodi ya mapato, ilhali wanaotoka mapema wana masharti yao. Kinachotafutwa, basi, ni kitu cha tatu cha kuamua kati ya 1964 na 1967. Cheti ni kimojawapo tu cha vitu hivyo.

Hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Wanadhani cheti kipya, kwa kuwa kina nembo ya serikali, kitashinda karatasi zote. Lakini chukua cheti chochote cha kuzaliwa ukitazame kwa makini: mbali na tarehe ya kuzaliwa, kimeandikwa pia tarehe ya kusajiliwa. Baba yako akisajiliwa mwaka huu, cheti kitasema alizaliwa 1964 na kusajiliwa zaidi ya miaka sitini baadaye, wakati dai la pensheni tayari liko mezani. Mkaguzi wa mfuko ataliona hilo kabla ya kitu kingine chochote. Atajiuliza: msajili aliambiwa na nani, na huyo aliyemwambia alikuwa na karatasi gani? Swali linarudi nyuma, kwenye karatasi iliyoandikwa wakati ambapo hakuna aliyekuwa akifikiria pensheni.

Ndiyo maana kadi ile ya ubatizo ndiyo mali yenu kubwa. Hukuniandikia kitu kimoja: kadi ya ubatizo huwa na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kubatizwa. Itazame tena. Ile ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa padri aliambiwa na mama, lakini tarehe ya ubatizo aliishuhudia kwa macho yake na kuiandika. Tuseme imeandikwa 17 Aprili 1965, ambayo ilikuwa Jumamosi Kuu ya mwaka huo. Basi kesi ya 1967 imekufa hapo hapo, kwani hakuna mtoto anayebatizwa kabla ya kuzaliwa. Na 20 Novemba 1964 inapata nguvu nayo, maana mama aliyebeba kichanga cha miezi mitano hakosei tarehe kwa miaka mitatu. Lakini kadi ikionyesha alibatizwa mwaka 1979, akiwa kijana wa shule, mambo yanabadilika: tarehe ya kuzaliwa aliitaja yeye mwenyewe au katekista aliikadiria. Bado ni ushahidi, ila utahitaji kitu cha kuushikilia.

Kadi yenyewe hupotea, huandikwa upya, hufutika. Kwa hiyo nendeni parokiani, muombe dondoo kutoka kitabu cha ubatizo, lenye sahihi ya padri na muhuri wa parokia, na nambari ya ingizo kama ipo. Mkiwa hapo linganisheni majina ya wazazi herufi kwa herufi na yaliyo kwenye vitambulisho na vyeti vyao vya kifo. Jina la babu likiwa limeandikwa kwa tahajia mbili, ijulikane leo, ili lielezwe kwenye kiapo, badala ya kugunduliwa na karani wa mfuko mwezi wa tatu wa kungoja.

Karatasi ya pili ninayoipenda katika kesi kama hii ni ya shule. Kama baba yako alifanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi enzi hizo, cheti chake kina mwaka. Alisoma darasa la kwanza hadi la saba, kwa hiyo kama alifanya mtihani mwaka 1977, aliingia darasa la kwanza mwaka 1971. Mtoto wa Novemba 1964 angekuwa na miaka sita. Mtoto wa 1967 angekuwa na miaka mitatu au minne. Hesabu hiyo haihitaji wakili, na nimeona ikimaliza ubishi ambao barua tano hazikuumaliza. Cheti kikiwa kimepotea, shule aliyosoma inaweza kuwa bado na kitabu cha uandikishaji, na mwalimu mkuu anaweza kuandika barua akitaja ukurasa.

Halafu tafuteni 1967 ilitoka wapi. Hili watu hulisahau kabisa. Omba idara ya wafanyakazi ya kiwanda, kwa barua, nakala ya fomu ya kwanza ya ajira na fomu ya kujiunga na mfuko. Mara nyingi utakuta msimamizi wa zamu ndiye aliyejaza kwa mwandiko wake, akakadiria umri kwa kumtazama mtu usoni, au karani alisoma 4 kama 7 alipokuwa akihamisha majina kutoka kitabu kwenda kompyuta. Kama fomu ya awali ina 1964 na 1967 inaonekana tu kwenye orodha ya baadaye, hamna haja ya cheti: kosa ni la kunakili, na mwajiri anapaswa kuandikia mfuko kulirekebisha. Mkiwa katika shughuli hiyo, ulizeni pia NSSF wana tarehe gani. Ikilingana na kitambulisho, ni karatasi nyingine upande wenu.

Sasa mna njia mbili, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kutosajili kwanza. Mnawaandikia wadhamini wa mfuko barua, mnaambatisha nakala ya kitambulisho, dondoo la ubatizo, cheti cha shule, fomu ya ajira kama mmeipata, na viapo nitakavyovieleza hapa chini. Mnaomba warekebishe rekodi yao ilingane na kitambulisho, na mnawauliza kwa maandishi: je, mtakubali ushahidi huu badala ya cheti cha kuzaliwa, na kama hamtakubali, ni kifungu gani cha kanuni za mfuko kinachodai cheti? Ombeni jibu la maandishi. Karani wa dirishani anaposema "leteni cheti" mara nyingi anasoma orodha iliyobandikwa ukutani, na wadhamini wenyewe wana nafasi ya kupima ushahidi mwingine. Mimi ningeanza hapa.

Njia ya pili ni usajili wa kuchelewa. Uzazi ukipita miezi sita bila kusajiliwa, msajili wa eneo haruhusiwi kuuandika bila idhini ya maandishi ya Msajili Mkuu, na kuna ada. Kabla ya kuomba, fanyeni utafutaji rejistani ili mjue kama kweli hakuna ingizo. Wako waliosajiliwa na mjomba au chifu bila wao kujua, na mtu akisajiliwa mara mbili kwa tarehe mbili amejifungia mlango kwa mikono yake. Maombi huanzia eCitizen, chini ya huduma za usajili wa raia, na faili hushughulikiwa kwa kufuata mahali alipozaliwa mtu. Kukaa Kayole au Kawangware miaka arobaini hakumfanyi mzaliwa wa Mwingi awe wa rejista ya Nairobi. Huduma Centre ya pale Posta Kuu watawapa maelekezo, lakini barua ya chifu au naibu wake itatoka kijijini, kutoka kwa mtu anayeijua familia. Mtahitaji kitambulisho chake, vyeti vya kifo vya wazazi au nambari za vitambulisho vyao, dondoo la ubatizo na karatasi za shule.

Na hapa kuna mtego ambao lazima niukazie. Kitambulisho kinasema 01.01.1964. Tarehe hiyo ya kwanza Januari karibu kila mara ina maana moja: aliyejiandikisha alijua mwaka tu, na karani akajaza siku na mwezi kwa mazoea. Rejista ya usajili, ikifuata kitabu cha ubatizo, itaandika 20.11.1964. Mtarudi kwa mfuko mkiwa na cheti kipya kisicholingana na kitambulisho. Tofauti sasa imepungua kutoka miaka mitatu hadi miezi kumi na siku kadhaa, na kwa njia zote mbili alifikisha 60 ndani ya 2024, lakini kompyuta ya mfuko haijui kusamehe. Ama afidaviti ieleze asili ya 01.01, na mfuko ukubali kwa maandishi, ama baba aombe kitambulisho kirekebishwe kufuata cheti, ambayo ni safari nyingine ya miezi. Kuna watakaowashauri mwandikishe 01.01.1964 ili kila kitu kilingane. Msikubali. Mnayo karatasi ya parokia inayosema Novemba, na baba atakuwa ameapa kinyume cha karatasi aliyoibeba mwenyewe mfukoni.

Sasa afidaviti, ambayo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko yote. Afidaviti haizalishi ushahidi. Hubeba tu kile ambacho mwapaji anakijua, na hubebwa na yeye mwenyewe. Jiulize: baba yako anajuaje alizaliwa lini? Aliambiwa. Alikuwepo, lakini hakumbuki. Kwa hiyo kiapo chake mwenyewe kinachosema "nilizaliwa 20 Novemba 1964" ndicho dhaifu kuliko vyote, ingawa ndicho mawakili wa mtaani huandika kwa mistari minne na kupiga muhuri. Kiapo chake kiseme yale anayoyajua yeye: kwamba hajawahi kuwa na cheti cha kuzaliwa, kwamba alipochukua kitambulisho alitaja mwaka tu, ikiwa ndivyo ilivyokuwa, kwamba hakujaza fomu ya kiwanda kwa mkono wake, kwamba mtu aitwaye kwa tahajia hii na ile ni yule yule mmoja, na kwamba tarehe ya Novemba ameitoa kwenye kitabu cha ubatizo, ambacho dondoo lake limeambatishwa. Chanzo cha kila jambo kitajwe.

Kiapo chenye uzito ni cha mtu aliyekuwa mkubwa siku ile. Umeniambia babu na nyanya hawapo. Je, kuna shangazi, mjomba, jirani, mkunga aliyebaki hai, mwenye miaka kumi au zaidi kumshinda baba? Keti naye umsikilize kabla ya kwenda kwa wakili, na usimpe tarehe. Ukimwambia "Novemba 1964" atakuitikia tu kwa upendo. Muulize nani alizaliwa kabla ya baba na nani baada, nani alikuwa anaolewa, mvua ilikuwaje, mama yake alikuwa na mimba au alikuwa amebeba mtoto wakati bendera ilipopandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Wazee wa umri huo huikumbuka sherehe ya Uhuru, huyakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 1961, na wengine huikumbuka sensa ya Agosti 1962. Shangazi akisema, "Sherehe ya Uhuru ilipita akiwa hajazaliwa, na mwaka uliofuata, mvua za vuli zikinyesha, ndiyo nilimbeba mgongoni nikienda kuchota maji," amekupa Oktoba hadi Desemba 1964 bila kutaja nambari hata moja. Maneno hayo hayo yaandikwe kwenye kiapo. Hakimu au mdhamini anayesoma sauti ya shangazi anaamini zaidi kuliko akisoma tarehe kamili iliyonyooka kama ya ofisini.

Kama shangazi huongea Kikamba na hasomi Kiingereza, kiapo kitaje kwamba alisomewa na kufasiriwa kwa Kikamba, akaelewa, ndipo akaweka alama ya kidole gumba. Mahali na tarehe ya kula kiapo viandikwe, na kila kiambatisho kipigwe alama na kamishna. Nilipokea faili moja ambayo kiapo cha mzee kilikuwa kimetiwa muhuri Nairobi siku ambayo kadi ya hospitali ilionyesha mzee amelazwa kaunti nyingine. Yote aliyosema yalikuwa kweli, lakini hakuna aliyeyasikiliza tena baada ya hapo. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na muhuri wa kununua huwaingiza hata wakweli katika shaka hiyo.

Utasikia pia habari za daktari wa serikali kupima umri. Kwa kijana hilo lina maana. Daktari huangalia picha ya eksirei ya mifupa ya mkono na meno, kwani sehemu za mifupa zinazokua hufunga kwa mpangilio unaojulikana. Lakini baada ya miaka ishirini na kitu zimekwisha kufunga zote, na kuanzia hapo mwili wa mtu hausemi mwaka. Hakuna daktari anayeweza kutenganisha mtu wa 57 na wa 60 kwa picha ya mfupa. Mkipewa cheti cha namna hiyo kitakuwa makadirio tu, na mwanasheria wa mfuko atalijua hilo. Okoeni nauli. Vivyo hivyo hati ya kubadili jina inayosajiliwa na wakili: hiyo ni ya majina, haigusi umri.

Nyakati ambazo hamtaweza kwenda peke yenu ni hizi. Wadhamini wakikataa ushahidi wenu kwa maandishi, au wakinyamaza baada ya barua ya pili, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, ambayo ndiyo inayosimamia mifuko ya kazini. Wakili anayejua pensheni awasaidie kuyaandika, maana baada ya hapo rufaa huenda kwenye jopo maalum la rufaa za mafao ya kustaafu. Mkikuta rejistani kuna ingizo la zamani lenye mwaka mwingine kabisa, simamisheni kila kitu mwone wakili kwanza. Na kama msomaji mwingine anasoma hili akiwa mtumishi wa serikali, ajue kwamba njia yake ni nyembamba zaidi: huko tarehe iliyotajwa wakati wa kuajiriwa ndiyo hushikiliwa, na kuomba ibadilishwe ukiwa mlangoni kwa kustaafu huchukuliwa kama kutaka kuongeza miaka kazini.

Kwa mpangilio wa safari yenyewe, ningekwenda Mwingi kabla ya kwenda popote hapa Nairobi. Siku ya kwanza parokiani kwa dondoo la ubatizo, kisha shuleni. Siku ya pili kwa chifu, na jioni kwa shangazi, na daftari. Mkirudi naye mjini, au mkimpata kamishna wa viapo huko huko, aape wiki hiyo hiyo. Kitabu cha parokia kitakungoja mwaka mzima. Shangazi ana miaka zaidi ya sabini.